Sufuri Pana na Sufuri Finyu: Kisa cha Bobini ya Waya Kwenye Daraja la Wheatstone

Fundi mmoja wa kusuka mota alikuwa na bobini ya waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika nusu. Alitaka kujua kama waya uliobaki ungetosha kazi iliyokuwa mbele yake, bila kuufungua wote na kuupima kwa futi. Swali lake lina jibu la kifizikia, kwa sababu ukinzani wa waya wa shaba wenye unene mmoja huongezeka sawia na urefu wake, hivyo anayeujua ukinzani wa bobini nzima na ukinzani wa mita moja ameshaujua urefu. Ukinzani wa mita moja hupatikana kwa hesabu. Ule wa bobini nzima ndio unaopaswa kupimwa, na kisa hiki kinahusu namna ulivyopimwa.

Multimita ya kawaida ilijaribiwa kwanza. Ilionyesha omu 27.9, ikashuka hadi 27.6 waya zake zilipobonyezwa vizuri zaidi upande mmoja, na ilipogusanishwa ncha kwa ncha ikaonyesha 0.5 badala ya sufuri. Kwa kazi nyingi za karakana hayo yangetosha, lakini hapa kila omu moja ni takriban mita 11 za waya, na fundi asiyejua kama ana mita 295 au 306 hajajibiwa. Ndipo bobini ikapelekwa kwenye meza ya maabara iliyokuwa na betri mbili za volti 1.5, galvanomita yenye sufuri katikati, sanduku la ukinzani linaloweza kupangwa kutoka omu 1 hadi 9,999 kwa hatua za omu moja moja, na rizista za omu 10, 100 na 1,000, mbili mbili kwa kila aina. Galvanomita hiyo ilikuwa na ukinzani wa omu 50, na kila mstari wa uso wake uliwakilisha mikroampea 20.

Vifaa hivyo vinatosha kuunda daraja la Wheatstone. Jina hilo lilitokana na Charles Wheatstone, aliyelitangaza mwaka 1843, ingawa mpangilio wenyewe ulikuwa umeelezwa miaka kumi kabla na Samuel Hunter Christie, jambo ambalo Wheatstone mwenyewe alilikiri. Daraja lina nukta nne, A, B, C na D. Betri huunganishwa kati ya A na C. Kati ya A na B huwekwa rizista P, na kati ya B na C rizista Q. Upande wa pili, kati ya A na D huwekwa sanduku la ukinzani, tuliite R, na kati ya D na C huwekwa kitu kisichojulikana, yaani bobini yetu, tuiite X. Galvanomita hulazwa katikati, kutoka B hadi D.

Mkondo unaotoka kwenye betri hugawanyika nukta A. Sehemu moja hupita P na Q, nyingine hupita R na X, kisha zote hukutana C. Kwa kawaida nukta B na D huwa na potenshali tofauti, na kwa sababu hiyo mkondo hupita kwenye galvanomita na kuusukuma mshale upande mmoja. R inapobadilishwa, potenshali ya D hupanda au kushuka, na kuna thamani moja tu ya R inayoifanya D ilingane na B. Hapo mshale husimama kwenye sufuri, na tunasema daraja limesawazika.

Sharti la usawa huo linapatikana kwa mistari michache. Kama hakuna mkondo unaopita kwenye galvanomita, mkondo wote uliopita P lazima uendelee Q, tuuite I1, na mkondo wote uliopita R lazima uendelee X, tuuite I2. Kwa kuwa B na D zina potenshali moja, anguko la volti kutoka A hadi B ni sawa na lile la kutoka A hadi D, na anguko la kutoka B hadi C ni sawa na lile la kutoka D hadi C:

```
I1 × P = I2 × R
I1 × Q = I2 × X

P / Q = R / X
X = R × Q / P
```

Mstari wa tatu umetokana na kugawanya wa kwanza kwa wa pili, na katika kugawanya huko I1 na I2 zimefutika. Volti ya betri haimo kabisa katika jibu, wala ukinzani wa galvanomita, wala thamani ya mistari yake. Betri iliyochoka na betri mpya hutoa X ileile, na galvanomita ambayo mistari yake imekosewa kiwandani hutoa X ileile, mradi tu iitambue sufuri. Hilo ndilo linaloipa njia hii nguvu kuliko multimita, ambayo jibu lake hutegemea usahihi wa mkondo na volti zake za ndani. Hata hivyo, ni usahili huohuo unaowafanya wengi waamini kwamba sufuri ikishaonekana kazi imekwisha, na hapo ndipo kisa hiki kilipoanza kuwa na mafunzo.

Aliyeunganisha daraja mara ya kwanza aliwaza hivi: sanduku lina hatua za omu moja, nami nataka X hadi sehemu ya mia ya omu, basi nitaweka P ya omu 1,000 na Q ya omu 10, ili X iwe R gawanya kwa 100. Kwa karatasi, wazo hilo halina kasoro. R ikisomeka 2,715, X ni 27.15. Akafunga swichi kwa betri moja, akaweka R 2,700, mshale ukasimama sufuri, akaandika omu 27.00.

Mwenzake aliyekuwa karibu akageuza sanduku hadi 2,650. Mshale haukutikisika. Akalipeleka 2,800, bado sufuri. Ilibidi R ishuke hadi karibu 2,570 ndipo mshale ukaonekana kuondoka kidogo upande mmoja, na ipande hadi karibu 2,890 ndipo ukaonekana kuondoka upande wa pili. Kwa maneno mengine, kipimo kile kilikuwa kimesema tu kwamba X iko mahali fulani kati ya omu 25.7 na 28.9, kikaacha upana wa mita 35 za waya, kibaya kuliko multimita iliyoachwa mezani. Tarakimu nne za 27.00 zilitoka kwenye vitufe vya sanduku, hazikutoka kwenye daraja.

Sababu inaonekana ukifuatilia volti. P ya omu 1,000 juu ya Q ya omu 10 hula karibu volti yote ya betri, na nukta B hubaki na takriban milivolti 15 tu juu ya C. Nukta D nayo, ikiwa karibu na usawa, ina milivolti 15. Daraja zima linalinganisha vijisehemu viwili vidogo, na R inapobadilishwa kwa omu moja, D husogea kwa takriban mikrovolti 5.4. Mkondo unaozaliwa na mikrovolti tano kupitia galvanomita na mikono ya daraja ni takriban mikroampea 0.06, ilhali jicho haliwezi kuamua chini ya nusu mstari, yaani mikroampea 10. Gawanya 10 kwa 0.06 na utapata zile omu 160 za kila upande ambazo mshale ulikaa kimya.

Kuna njia fupi ya kulijua hilo kabla ya kuunganisha chochote. Tuseme k ni uwiano R/X, ambao wakati wa usawa ni sawa na P/Q, na E ni volti ya betri. Daraja likikosa usawa kwa asilimia moja, tofauti ya volti kati ya B na D, kabla ya galvanomita kuunganishwa, ni takriban:

```
0.01 × E × k / (1 + k)²
```

Kipande cha k kina kilele chake pale k inapokuwa 1, ambapo ni robo kamili, 0.25. Kwa k ya 10 kinashuka hadi 0.083, na kwa k ya 100 kinabaki 0.0098, yaani mara 25 chini ya kilele. Mpimaji anayechagua uwiano wa mia kwa moja ili kupata tarakimu zaidi kwenye sanduku huwa anauza wepesi wa mshale kwa bei hiyo, na galvanomita ya mezani haina uwezo wa kuilipa. Uwiano wa mia unafaa pale tu penye kitambuzi kinachohisi mikrovolti.

Kwa hiyo daraja likajengwa upya kwa P na Q za omu 100 kila moja. Sasa B ilikaa nusu ya volti ya betri, na hatua moja ya omu kwenye sanduku ilisogeza D kwa takriban milivolti 14, si mikrovolti tano. R ikiwa 27, mshale ulikwenda kushoto mstari mmoja na nusu. R ikiwa 28, ulikwenda kulia mistari minne na nusu. Sufuri yenyewe haikuonekana kabisa, kwa kuwa sanduku halina 27 na kidogo, lakini hilo si tatizo. Karibu na usawa mwendo wa mshale ni sawia na kosa la R, kwa hiyo sufuri iko mahali ambapo mshale ungevuka katikati: safari nzima kutoka 27 hadi 28 ni mistari sita, na robo yake ya kwanza ndiyo inayofika sufuri. Usawa uko kwenye 27.25.

Ili kuthibitisha, betri ya pili iliongezwa, E ikawa volti 3. Mshale ulikwenda mistari mitatu kushoto kwa 27, na tisa kulia kwa 28. Tatu kwa kumi na mbili ni robo ileile. Hapa mtu ataona wazi maana ya volti kutokuwemo kwenye sharti la usawa: mahali pa sufuri hapakubadilika, ila mwendo wa mshale kwenye pande zote mbili uliongezeka maradufu, na shaka ya nusu mstari ambayo mwanzoni ilikuwa sawa na omu 0.08 sasa ikawa omu 0.04. Volti haibadilishi jibu, inabadilisha ukali wa jibu. Wenye haraka huishia hapo na kuongeza betri ya tatu na ya nne, lakini kila volti inayoongezwa hupasha moto waya unaopimwa, na joto, kama tutakavyoona, ni adui mkubwa zaidi wa kipimo hiki kuliko jicho. Kwa volti 3 bobini ilipitisha miliampea 55 na kupokea takriban wati 0.08, kiasi ambacho nusu kilo ya shaba haikihisi.

Pangekuwa pia na njia ya katikati, P ya 100 na Q ya 10. R ingekuwa takriban 272, kila omu moja ya sanduku ingekuwa omu 0.1 ya X, na kwa volti 3 kila hatua ingesogeza mshale karibu nusu mstari, yaani hatua ya sanduku na uwezo wa jicho vingekutana. Kwa ladha yangu huo ndio uwiano mzuri kwa asiyependa kukadiria kati ya mistari.

Hadi hapa jibu la 27.25 limetegemea kudhani kwamba P na Q ni sawa kabisa. Zilikuwa rizista za kawaida zenye ruhusa ya asilimia 1, kwa hiyo kila moja ingeweza kuwa popote kati ya omu 99 na 101, na kosa la uwiano wao huingia kwenye X moja kwa moja bila kuonekana popote kwenye mshale. Dawa yake ni ya zamani na haigharimu kitu: badilisha nafasi. Bobini ikahamishiwa kati ya A na D, sanduku kati ya D na C, vingine vyote vikaachwa. Mshale, kama inavyotarajiwa, sasa uligeuka tabia, ukaenda kulia pale ambapo mwanzo ulikwenda kushoto. R ya 27 ilitoa nusu mstari, R ya 28 ikatoa mistari kumi na moja upande wa pili, na usawa ukawa 27.04.

Kama P na Q zingelingana, namba hizi mbili zingelingana. Mara ya kwanza R ilikuwa X × P/Q, mara ya pili X × Q/P. Ukizizidisha, P na Q zinakatana na kubaki X mara X, kwa hiyo X ni kipeuo cha pili cha 27.25 × 27.04, yaani omu 27.145. Ukizigawanya badala ya kuzizidisha unapata habari ya ziada, kwamba P inaizidi Q kwa takriban asilimia 0.4, ambayo iko ndani ya ruhusa iliyoandikwa na mtengenezaji. Namba zikikaribiana kiasi hiki, wastani wa kawaida hutoa jibu lilelile na hakuna haja ya kipeuo. Kinachobaki nje ya dawa hii ni kosa la sanduku lenyewe, kwa sababu R ndiyo rula tunayopimia, na hakuna mzunguko wa nafasi utakaosahihisha rula.

Waya mbili zilizounganisha bobini na daraja zilikuwa za shaba zenye eneo la milimita mraba moja, nusu mita kila moja. Jumla yao ni omu 0.02, zilizotolewa na kuacha omu 27.13. Kwa X ya omu 27 hilo ni jambo dogo. Kwa X ya omu 0.1 lingekuwa kosa la asilimia 20, na ndiyo maana daraja la Wheatstone haliaminiki chini ya omu moja hivi, na kazi hiyo huachiwa daraja la Kelvin lenye waya tofauti za mkondo na za volti.

Kabla ya kuipokea namba hii ilifaa kujiuliza kama sufuri zile zilikuwa za kweli. Galvanomita husimama sufuri pia betri ikiwa imekufa, swichi ikiwa haigusi, au waya wake mwenyewe ukiwa umekatika ndani ya ngozi ya plastiki. Sufuri za namna hiyo zinajulikana kwa kuwa hazijali R: ugeuze sanduku kutoka 1 hadi 9,999 na mshale hautoki. Mkono mmoja wa daraja ukikatika, mshale huegemea upande mmoja tu kwa kila thamani ya R. Kwa hiyo ushahidi wa usawa ni mshale kwenda pande zote mbili za sufuri, R ikiwa chini kidogo na R ikiwa juu kidogo, kama ulivyofanya kwa 27 na 28. Mtu anayeripoti sufuri bila kuripoti mienendo miwili ya jirani yake hajaripoti kipimo.

Bobini ina tabia moja zaidi ambayo rizista ya kawaida haina. Mizunguko yake mingi huifanya izuie mkondo usianze ghafla, na kama galvanomita imeunganishwa wakati betri inapowashwa, mshale huruka hata daraja likiwa limesawazika. Swichi ya betri hufungwa kwanza, husubiriwa kidogo hadi mkondo utulie, kisha ya galvanomita hubonyezwa. Wakati wa kuzima hufuatwa kinyume chake. Mpimaji asiyejua hilo huufukuza mruko huo kwa kubadilisha R na hatimaye hupata usawa wa uongo.

Joto linabaki. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 ya thamani yake ya nyuzijoto 20 kwa kila nyuzi moja. Chumba kilikuwa na nyuzijoto 28, na nyuzi moja tu ya kosa ingebadilisha X kwa omu 0.1, zaidi ya maradufu ya shaka yote ya mshale. Bobini iliyotoka juani, au iliyoshikwa mikononi kwa muda mrefu, haina joto la chumba hata kama kipimajoto cha ukutani kinasema hivyo, na dalili yake ni kwamba usawa huhama polepole upande mmoja kadiri dakika zinavyopita. Bobini hii iliachwa mezani usiku mzima, na usawa wake haukuhama. Ikirudishwa kwenye nyuzijoto 20, X inakuwa 27.13 gawanya kwa 1.031, yaani omu 26.3.

Waya wa shaba wa milimita 0.5 una takriban omu 0.0878 kwa mita kwenye nyuzijoto 20, kwa hiyo urefu ni mita 299.5, na shaka ya daraja pamoja na ya joto ni kama mita moja na nusu. Lakini namba ya 0.0878 inasimama juu ya kipenyo, na kipenyo kinaingia kikiwa mara mbili, kwa kuwa eneo ni mraba wake. Maikromita ikikosea kwa sehemu ya mia ya milimita, au ikipima waya pamoja na vanishi yake badala ya shaba tupu, kosa ni asilimia 4 na mita 12. Fundi aliambiwa mita 300 kwa masharti kwamba kipenyo ni kile kilichoandikwa kwenye bobini, na akapewa njia ya kulikagua sharti hilo bila maikromita: aipime bobini kwenye mzani, atoe uzito wa bobini tupu ya aina hiyohiyo, na aone kama shaba iliyobaki inafika gramu 530 hivi. Waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa ungeonekana mrefu mno kwa ukinzani na mfupi mno kwa mzani, hivyo majibu mawili yakikaribiana, kipenyo ni cha kweli.